Kolombia Kubwa: Nchi Iliyodumu Miaka 11

Mwaka 1808 Napoleon alimkamata mfalme wa Hispania, Ferdinand wa Saba, akamweka ndugu yake Joseph kwenye kiti cha enzi. Katika makoloni ya Amerika likazuka swali ambalo hakuna gavana aliyekuwa na jibu lake: mfalme yuko kifungoni, sasa amri inatoka kwa nani? Matajiri weupe waliozaliwa hukohuko walikuwa na mashamba, elimu na fedha, lakini vyeo vikubwa walipewa watu waliotumwa kutoka Hispania. Wakaona nafasi yao imefika. Aprili 1810 Caracas ikamwondoa gavana wake, Bogotá ikafuata Julai, na mwaka 1811 Venezuela ikajitangazia uhuru.

Uhuru huo haukufika mbali. Waliouhubiri walikuwa wamiliki wa watumwa, na wachunga ng'ombe wa nyanda za Orinoco, wengi wao machotara na weusi, hawakuona sababu ya kuwafia mabwana. Mwaka 1814 wapanda farasi hao walipigana upande wa mfalme chini ya Boves, wakaisambaratisha jamhuri. Simón Bolívar akaishia uhamishoni, Jamaika kisha Haiti. Rais Pétion wa Haiti alimpa silaha akamtaka jambo moja: awaachie huru watumwa.

Kilichogeuza vita ni wale wale wapanda farasi. Boves alikuwa ameshakufa, na José Antonio Páez, aliyewahi mwenyewe kuchunga ng'ombe nyandani, aliwavuta upande wa wapigania uhuru kwa ahadi ya ardhi. Kati ya mwaka 1819 Bolívar aliongoza jeshi kuvuka nyanda zilizofurika mvua, kisha akapanda nalo milima ya Andes. Watu waliozoea joto walikufa kwa baridi njiani, farasi wakaisha. Lakini Wahispania hawakutarajia adui kutoka upande huo, na tarehe 7 Agosti walishindwa kule Boyacá. Bogotá ikabaki wazi.

Desemba mwaka huohuo, mjini Angostura, ikatangazwa Jamhuri ya Kolombia, ambayo wanahistoria huiita Kolombia Kubwa: Venezuela, Granada Mpya na Quito kuwa nchi moja. Wakati huo Caracas na Quito zote zilikuwa bado mikononi mwa Wahispania. Yaani nchi ilitangazwa kabla haijapatikana, na waliokwenda kuitafuta ni askari. Caracas ilikombolewa mwaka 1821, Quito mwaka 1822, na mwaka 1824 jeshi kubwa la mwisho la Hispania likasalimu amri Ayacucho, nchini Peru.

Adui alipoondoka, yakabaki maswali ya nyumbani. Makao makuu yalikuwa Bogotá, safari ya wiki kadhaa kutoka Caracas kwa nyumbu na mitumbwi. Quito, iliyoishi kwa kufuma nguo, ilitaka bidhaa za Waingereza zitozwe ushuru mkubwa. Wakulima wa kakao na kahawa wa Venezuela walitaka bandari wazi. Na wale askari walioahidiwa ardhi walilipwa vyeti, wengi wakaviuza kwa bei ya kutupa kwa maofisa wao. Páez mwenyewe akawa mmoja wa wamiliki wakubwa wa ardhi Venezuela.

Ufa wenyewe ulianzia kwenye jambo dogo. Mapema mwaka 1826 Páez, kamanda wa Venezuela, aliamriwa kuandikisha wanamgambo. Wakazi wa Caracas hawakujitokeza, akatuma askari kuwakamata mitaani. Malalamiko yakafika Bogotá, na bunge likamwita Páez akajibu mashtaka. Hakwenda. Aprili, baraza la mji wa Valencia likamrudishia ukamanda, na wenyeji waliokuwa wakimlalamikia wakawa nyuma yake, maana kumtii mwenzao waliona afadhali kuliko kutii wanasheria wa mbali.

Bolívar alirudi kutoka Peru na Januari 1827 akamsamehe. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoipoteza nchi. Alizuia vita, lakini Makamu wa Rais Santander, aliyesimamia katiba pale Bogotá, aliona sheria imepigiwa magoti na bunduki. Mkutano wa kurekebisha katiba, Ocaña, ukavunjika mwaka 1828, Bolívar akajipa mamlaka yote, na usiku wa Septemba 25 wauaji wakaingia ikulu. Manuela Sáenz, mpenzi wake, akawakabili mlangoni huku yeye akirukia dirishani.

Mwaka 1830 Venezuela ikajitenga chini ya Páez, na Quito, kwa jina jipya la Ekuado, chini ya Jenerali Flores. Bolívar alifariki Desemba, karibu na Santa Marta. Jambo ambalo nchi hizo tatu hazikuweza kulikwepa ni mikopo ya vita iliyochukuliwa London. Granada Mpya ikabeba nusu ya deni, Venezuela asilimia 28.5, Ekuado asilimia 21.5.