Simu ya Video Isigande Ukihama Chumba

Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kama ni ghorofa, kati ya chini na juu kuna bamba la zege. Waifai haipendi kuta za namna hiyo. Ndiyo maana mwenye nyumba ya vyumba vinne hujikuta amefunga akses pointi ya pili, pengine na ya tatu. Sasa mtandao unafika kila pembe, lakini mtu akianza simu ya video sebuleni kisha akaelekea chumbani, akifika koridoni picha inaganda, sauti inakatika, na wa upande wa pili anaanza kuuliza, “Unanisikia?”

Akimwita fundi, mara nyingi jibu ni kuingia kwenye mipangilio na kuwasha kitufe kilichoandikwa `Fast Roaming`. Kitufe hicho kina kazi yake, na nitaieleza. Lakini kikiwashwa juu ya mtandao uliopangwa vibaya hakisaidii kitu, kwa hiyo mimi hukiacha hadi mwisho.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba anayeamua kuhama ni simu yenyewe. Akses pointi inaweza kuishauri, lakini haiwezi kuishika mkono ikaipeleka kwingine. Simu hung'ang'ania kituo ilichokishika mpaka ishara yake idhoofike kiasi fulani. Kwa aifoni, Apple wenyewe wameeleza kiasi hicho: ishara ikishuka hadi dBm -70, simu huanza kutafuta kituo kingine, na ikiwa iko katikati ya mazungumzo huhamia kile kinachoishinda ishara ya sasa kwa dB 8 au zaidi. Namba hizi husomwa kwa hasi, kwa hiyo -50 ni ishara nzuri na -80 ni mbaya. Simu nyingine zina vipimo vyao, ila tabia ni hiyo hiyo.

Tuchukue nyumba yenye akses pointi moja sebuleni na nyingine karibu na vyumba vya kulala, zote zikirusha kwa nguvu zote, kama zilivyotoka dukani. Mtu akifika mlangoni pa chumba, simu yake bado inaisikia ile ya sebuleni kwa -66. Ya chumbani iko hatua chache tu na inasikika kwa -45, lakini simu haihangaiki kuitafuta, kwani haijafika -70. Tatizo linakuja upande wa pili: simu ina nguvu ndogo ya kurusha kuliko akses pointi. Yeye anaisikia sebule vizuri, sebule haimsikii yeye. Video inayoingia inaonekana safi, huku inayotoka imevunjika vipande vipande. Ukiona dalili hiyo, kwamba wewe unawaona wenzako vizuri lakini wao hawakuoni, jua simu imeng'ang'ania kituo cha mbali.

Dawa yake inawashangaza wengi: punguza nguvu. Kwenye ukurasa wa mipangilio tafuta `Transmit Power`, uitoe kwenye `High` uiweke `Medium`, au kama inakubali namba, uishushe kwa dB 6 hadi 9 kwenye kila akses pointi. Katika nyumba yetu, tukishusha dB 8, pale mlangoni ishara ya sebuleni inakuwa -74 na ya chumbani -53. Hiyo -70 simu imeivuka tangu koridoni, kituo kipya kimeizidi ishara ya zamani kwa mbali, na inahama bila kusita. Kwenye masafa ya GHz 2.4 nguvu ishushwe zaidi, maana hupenya kuta kuliko ya GHz 5, na simu ikiyashika huwa nzito kuyaacha.

Jambo la pili ni anwani. Watu wengi hununua ruta ya pili, wakachomeka waya unaotoka ruta ya kwanza kwenye tundu lake la `WAN`, na kuipa jina na nenosiri lile lile. Kwa nje inaonekana ni mtandao mmoja. Kwa ndani ni miwili, kwa sababu kila ruta inagawa anwani zake. Simu ikihama inapewa anwani mpya ya IP, na mazungumzo yaliyokuwa yakipita kwenye anwani ya zamani yanakatika hapo hapo. Hakuna kitufe cha kuhama haraka kitakachookoa hali hiyo. Ruta ya pili iwekwe kwenye hali ya `Access Point` (au `AP mode`), ili kazi ya `DHCP` ifanywe na ruta moja tu. Jina la mtandao, nenosiri na aina ya ulinzi, kwa mfano `WPA2`, vifanane kabisa kila mahali. Chaneli ndizo zitofautiane.

Hapo sasa ndipo kitufe kinapofaa. Nyuma ya `Fast Roaming` kuna mambo matatu yanayojulikana kwa namba zao. `802.11k` huipa simu orodha ya vituo vya jirani na chaneli zake, ili isipoteze muda kuzunguka chaneli zote ikitafuta. `802.11v` ni ule ushauri niliotaja: kituo huiambia simu kwamba kingine kinafaa zaidi. `802.11r` hufupisha utambulisho. Kwa kawaida simu ikifika kituo kipya hubadilishana nacho jumbe nane kabla ya kuruhusiwa kupita. Kwa `802.11r` zinabaki nne, kwa kuwa funguo huandaliwa kutokana na utambulisho wa mwanzo.

Nyumbani, penye nenosiri moja la wote, jumbe nne pungufu ni nafuu ndogo. Muda mwingi huliwa na kutafuta, kwa hiyo nikiambiwa nichague kimoja cha nyumbani nitachukua `802.11k`. Ofisini au chuoni, ambako kila mtu huingia kwa jina na nenosiri lake, mambo ni tofauti. Pale kila kuhama humlazimu mtu kuthibitishwa upya na seva, na hilo laweza kula sekunde nzima au zaidi. `802.11r` huiondoa safari hiyo.

Ina kasoro moja ya kujihadhari nayo. Baadhi ya printa, kamera na simu za zamani haziilewi, na siku ukiiwasha zinashindwa kuunganika hata kwa nenosiri sahihi. Vifaa hivyo vitengenezee jina lao la mtandao lisilo na `802.11r`.

Kisha pima. Chukua laptopu yenye Windows, fungua dirisha la amri, na uandike anwani ya ruta yako:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Tembea polepole kutoka sebuleni hadi chumbani ukiangalia mistari. Mstari mmoja wenye muda mrefu, au `Request timed out` moja, ni alama ya kuhama kuliko kwema. Ikitokea mitatu minne mfululizo, rudi kwenye nguvu na chaneli. Ukitaka kuthibitisha kwamba laptopu imehama kweli, andika amri hii kabla na baada ya kutembea, uone kama `BSSID` imebadilika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Laptopu na simu hazihami kwa vipimo sawa, kwa hiyo rudia matembezi hayo hayo na simu mkononi, ukiwa kwenye simu ya video kweli, na mtu wa upande wa pili akueleze anachokiona. Kama `ping` kwenda kwa ruta haikatiki hata mara moja na bado picha inaganda, akses pointi zako hazina kosa. Hapo mpigie anayekuuzia intaneti.