Tukumbushe Deni la Shule Bila Kumwaibisha Mzazi

Mama mmoja alimleta mtoto wake kliniki baada ya kukosa miezi miwili mfululizo. Nilipofungua kadi niliona mstari wa uzito umeshuka, nikamuuliza kwa upole ni nini kilichomzuia kuja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, kuja hapa lazima nipite mbele ya chekechea, na pale nadaiwa."

Deni lenyewe lilikuwa shilingi 9,000, mchango wa uji wa miezi mitatu wa mtoto wake mkubwa. Barua aliyopelekewa niliijua vizuri, maana nimo katika kamati ya chekechea ya kanisa letu, na niliipitisha mwenyewe kikaoni. Iliandikwa "Onyo la mwisho" kwa herufi kubwa, ikabanwa kwa pini kwenye sweta la mtoto. Kila aliyekutana naye njiani aliisoma. Fedha hazikuja. Mtoto aliacha kuja shuleni, na mdogo wake akakosa kupimwa.

Akina mama wenzangu, wengi wetu tumo katika kamati za namna hii. Napenda kuwaeleza tulivyoiandika upya barua ile, na yaliyofuata.

Kwanza tulieleza hesabu

Mzazi asiyejua fedha inakokwenda huiona barua ya deni kama adhabu. Kwa hiyo tulikaa na mpishi tukapiga hesabu. Watoto ni 60, na kila mmoja hutumia gramu 40 za unga kwa kikombe cha uji. Hizo ni kilo 2.4 kwa siku, au kilo 48 kwa mwezi wa siku 20 za shule. Kwa bei tuliyonunua siku zile, unga ulichukua shilingi 72,000, sukari 36,000, posho ya mpishi 50,000 na kuni 22,000. Jumla 180,000. Ukigawa kwa watoto 60 unapata shilingi 3,000 kwa kila mtoto.

Ndipo tukaona uzito wa deni. Wazazi sita wasipolipa, pengo ni shilingi 18,000. Hizo ni kilo 12 za unga, yaani uji wa watoto wote kwa siku tano. Hivyo kukumbusha ni lazima. Kunyamaza nako kuna gharama, na anayeilipa ni mtoto.

Kisha tuliangalia majira

Kwetu nyanda za juu kusini, madaftari yalionyesha kuwa madeni karibu yote ni ya Januari hadi Machi. Mwezi wa Januari mzazi ananunua sare na madaftari ya wakubwa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare na madaftari yamebaki kwa mzazi. Wakati huohuo mbolea inahitajika shambani, na ghala linaelekea kuwa tupu. Mavuno ni kuanzia Juni. Kumtishia mkulima mwezi wa Machi ni kudai maziwa kwa ng'ombe ambaye hajazaa.

Barua yenyewe

Hii ndiyo tuliyoituma mwezi wa Aprili:

"Mpendwa mzazi, Bwana Yesu asifiwe. Tunakushukuru kwa kutuletea mtoto wako. Daftari letu linaonyesha kuwa mchango wa uji wa Januari, Februari na Machi, jumla shilingi 9,000, bado haujatufikia. Kama umekwisha kulipa, tusamehe, tuletee stakabadhi turekebishe daftari.

Tunajua miezi hii ni migumu kwa nyumba nyingi. Unaweza kuchagua njia inayokufaa: kulipa yote kabla ya tarehe 30 Aprili, kulipa kidogo kidogo, shilingi 1,500 kila mwezi juu ya mchango wa kawaida, kuleta mahindi, maharage au kuni kwa bei ya soko ya wiki hiyo, au kusubiri mavuno. Kama hakuna inayowezekana, mwone mama mweka hazina peke yake, siku yoyote baada ya saa nane mchana. Hutaulizwa sababu. Mtoto aendelee kuja na kunywa uji kama kawaida."

Angalieni mambo machache. Kiasi kimetajwa kamili pamoja na miezi yake, kwa sababu neno "madeni yako" peke yake humfanya mtu awaze makubwa kuliko yaliyopo. Kosa limeachiwa nafasi ya kuwa letu, na kweli wazazi wawili walileta stakabadhi ambazo hatukuwa tumeziandika. Hatukuweka maneno kama "wenye shida wajitokeze", maana hakuna mama anayependa kujitokeza kwa jina hilo. Njia zote zimeorodheshwa pamoja, kwa hiyo anayechagua mahindi haonekani tofauti na anayeleta fedha. Na ile sentensi ya mwisho kuhusu mtoto ndiyo wazazi waliyoitafuta kwanza.

Namna ya kuifikisha

Barua ilitiwa katika bahasha iliyofungwa, akakabidhiwa mzazi mwenyewe mkononi. Hatukumpa mtoto. Majina hayasomwi kanisani wakati wa matangazo, wala hayabandikwi ukutani. Jikoni hakuna foleni ya waliolipa na wasiolipa. Mtoto wa miaka minne hajui deni ni nini, ila anajua kikombe chake kimerukwa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwenye kudai anaagizwa asiingie nyumbani mwa jirani yake kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye deni amletee mwenyewe. Barua yetu ya kwanza ilivunja mlango. Hii ya pili ilisimama nje ikabisha hodi.

Wasiojibu je?

Ukimya wa mwezi mzima hatukuujibu kwa barua kali zaidi. Akina mama wawili wa kamati walikwenda kumsalimu mzazi nyumbani, jioni, bila daftari. Hapo hutambulika aliye na uwezo ila amesahau, na ambaye kweli hana. Wa kwanza huahidi siku, nasi tunaiandika. Kwa wa pili, tulikubaliana mapema kwamba mfuko wa diakonia wa kanisa ulipe, usizidi watoto watatu kwa muhula, kwa sababu mfuko wenyewe ni mdogo. Mweka hazina huandika "imelipwa" tu, bila kutaja na nani.

Barua hii haikumaliza madeni yote. Mzazi mmoja alihama bila kulipa, na tuliliandika deni lake kuwa limesamehewa.

Yule mama wa kliniki alichagua kusubiri mavuno. Mwezi wa Juni alikuja na kilo 10 za mahindi kichwani. Bei ya soko wiki ile ilikuwa shilingi 900 kwa kilo, hivyo zikawa 9,000 kamili. Mweka hazina alimwandikia stakabadhi kama ya fedha taslimu. Alikuwa amembeba yule mdogo mgongoni, na alipotoka pale alivuka barabara akaja kupima uzito. Mstari wa kadi ulikuwa umeanza kupanda.