Tangazo Lililowafikisha Wakurugenzi Mahakamani

Kampuni ikishaorodheshwa kwenye soko la hisa, haina tena siri juu ya mambo yanayoweza kupandisha au kushusha bei ya hisa zake. Kanuni ya soko la Australia inasema wazi: kampuni ikijua jambo la aina hiyo, ilitangaze mara moja, wote walisikie kwa pamoja. Mazungumzo ya biashara ambayo hayajakamilika yanaweza kusubiri, mradi yabaki siri kweli. Yakivuja, kampuni lazima iseme.

James Hardie, kampuni ya vifaa vya ujenzi ya Australia, iliivunja kanuni hii kwa namna mbili. Kwa miaka mingi ilitengeneza bidhaa za asbesto, na watu waliovuta vumbi lake walikuwa wakiugua na kudai fidia. Mnamo Februari 15, 2001, bodi iliamua kuanzisha mfuko maalumu wa kulipa madai hayo. Siku iliyofuata, soko likatangaziwa kwamba mfuko una fedha za kutosha kulipa madai yote halali. Haukuwa nazo. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2004 ulionyesha pengo la zaidi ya dola bilioni 1 za Australia.

Kosa la pili lilikuwa kunyamaza. Mwaka 2003 kampuni tanzu iliyobeba historia ya asbesto iliondolewa kwenye kundi, na soko halikuarifiwa kwa wakati. Kampuni mama ilitozwa faini ya dola 80,000.

Kuhusu tangazo la 2001, wakurugenzi wasio watendaji walikana kuwahi kulipitisha. Kesi ikageukia karatasi moja: kumbukumbu za mkutano, ambazo bodi yenyewe ilizithibitisha wiki chache baadaye, zikisema rasimu ya tangazo iliwasilishwa na kukubaliwa. Mahakama ya rufani iliwapa ushindi wakurugenzi, lakini Mei 3, 2012, Mahakama Kuu ya Australia iliutengua: kilichoandikwa na kuthibitishwa ni ushahidi dhidi yao. Adhabu zao zilipunguzwa baadaye, ila hatia ilibaki. Mtendaji mkuu alitozwa dola 350,000 na kuzuiwa kuongoza kampuni kwa miaka 15.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Mkurugenzi anayepitisha tangazo asilolipima anawadanganya wanahisa, na hapa aliwadanganya wagonjwa pia.

Wajibu huu upo hata Nairobi. Kampuni iliyo sokoni ikiona faida yake ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, inatakiwa kutoa onyo mapema. Iliyopata shilingi milioni 800 mwaka jana na sasa inatarajia milioni 600 tayari imefika hapo. Kama una hisa, linganisha tarehe ya onyo na tarehe ya hesabu za mwaka. Onyo likija siku chache tu kabla ya hesabu, uliza kwenye mkutano mkuu bodi ilijua lini.