Duka Lako na Notisi ya Kodi

Tuseme una duka Gikomba, hapa Nairobi, bila mkataba wa maandishi. Kodi ni shilingi 15,000. Tarehe 3 Mei mwenye jengo anakupigia simu: kuanzia mwezi ujao ni 22,000.

Simu hiyo haipandishi kodi. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, inamtaka akupe notisi ya maandishi kwenye fomu maalumu, yenye sababu, na isiyoanza kutumika kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Mpaka hapo endelea kulipa 15,000, tena kwa wakati, na utunze kila risiti.

Fomu ikifika, andika tarehe uliyoipokea. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa na kukaa kimya. Una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kwamba hukubali, kisha upeleke shauri kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku notisi inapoanza. Ukinyamaza, kodi mpya inapita.

Shauri likiwa mbele ya jopo, kodi haipandi hadi liamuliwe. Kufuli mlangoni bila amri ni kosa.