Mvinyo Mwekundu na Hesabu Isiyofika

Bana zabibu nyekundu kati ya vidole viwili. Nyama na mbegu zitachopoka, zikuachie ganda peke yake, jembamba na chungu kidogo ukilitafuna. Itazame ile nyama iliyochopoka: aghalabu haina wekundu, ni ya kijani iliyopauka. Wekundu umo kwenye ganda, na humo humo ndimo mzabibu unamohifadhi resveratroli, kemikali iliyowapa wanywaji wa mvinyo udhuru mzuri kwa zaidi ya miaka 20.

Mzabibu hauitengenezi kwa faida yetu. Ukungu wa kijivu ukianza kulila tunda, au mionzi ya jua ikilichoma, seli za ganda hutengeneza resveratroli kama sumu ya kujikinga. Mvinyo mweupe unayo kidogo mno kwa sababu juisi yake hukamuliwa na kutenganishwa na maganda kabla ya kuchachuka. Mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, na pombe inayojitengeneza humo ndiyo inayoichopoa kemikali hiyo na kuitia kwenye kinywaji.

Umaarufu wake haukutoka shambani bali maabara, na ulianza na hamira. Hamira ninayosema ni ile ile ya maandazi. Seli moja ya hamira huzaa vitoto kwa kuchipua, na mama hufa baada ya kuzaa mara ishirini na kitu. Mtafiti anayetaka kujua umri wake huketi mbele ya hadubini na sindano nyembamba kuliko unywele, akimtenga kila mtoto anayechipuka na kuhesabu, mpaka mama achoke. Mwaka 1999, kundi la Leonard Guarente wa chuo cha MIT, Marekani, lilionyesha kwamba hamira iliyoongezewa nakala moja ya jeni liitwalo SIR2 huzaa takriban asilimia 30 zaidi kabla ya kufa. Protini zinazotokana na jeni hilo na ndugu zake ndizo sirtuini. Binadamu anazo 7, na inayozungumzwa zaidi ni SIRT1.

Sirtuini ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli. Kazi yao unaweza kuifananisha na ya mtu anayebandua lebo. Protini nyingi mwilini hubandikwa kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho asetili, juu ya asidi amino iitwayo laisini. Kikibandikwa, protini hubadili tabia. Kikibanduliwa, huirudia ya awali. Sirtuini ndiyo hubandua, na kila inapobandua hutumia molekuli moja ya NAD, ile ile ambayo seli huitumia katika kugeuza chakula kuwa nguvu. Kwa hiyo wengi walidhani sirtuini huhisi njaa ya seli, na kwamba ndizo zinazowafanya wanyama wanaolishwa kidogo waishi muda mrefu zaidi. Kama ndivyo, dawa ya kuziamsha ingetupa faida ya kufunga bila kufunga. Wazo tamu hilo, na pesa nyingi zililifuata.

Mwaka 2003 Konrad Howitz, David Sinclair wa Harvard na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameipata kemikali ya namna hiyo. Kati ya walizozijaribu, resveratroli ndiyo iliyoisukuma SIRT1 kwa nguvu kuliko zote. Hamira iliyopewa kemikali hiyo, wakasema, iliishi asilimia 70 zaidi.

Hapa tusimame tuangalie walivyopima, maana ubishi wote uliofuata umejificha humo. Kubanduka kwa asetili hakuonekani kwa macho, kwa hiyo hutumika ujanja. Mtafiti huchukua kipande kifupi sana cha protini, asidi amino 4 tu, chenye asetili juu ya laisini ya mwisho. Nyuma ya laisini hiyo hugundishwa rangi ya jamii ya kumarini, ambayo haing'ai vizuri ikiwa imeshikamana na kipande. Kisha huongeza SIRT1 na NAD. Kimeng'enya kikibandua asetili, kimeng'enya kingine kinachotiwa baadaye huweza kukata pale kwenye laisini, rangi ikaachiliwa, na kishimo cha majaribio kikang'aa buluu chini ya taa. Mng'ao ukiwa mkali, kazi iliyofanyika ni kubwa. Resveratroli ilipoongezwa kwa kipimo cha 100 maikromola, mng'ao ulipanda mara kadhaa. Kimeng'enya kilikuwa kimeanza kukishika kipande kile kwa wepesi zaidi kuliko kawaida.

Miaka miwili baadaye, makundi mawili tofauti yalirudia jaribio kwa badiliko moja: waliiondoa ile rangi. Kipande kilikuwa kile kile, asetili ile ile, ila walipima kwa njia isiyohitaji mng'ao. Resveratroli haikufanya lolote. Matt Kaeberlein na wenzake waliijaribu pia katika aina kadhaa za hamira, na umri haukuongezeka. Ikaonekana kwamba kilichoamshwa ni uhusiano wa kimeng'enya na rangi ya maabara, na mwilini hakuna rangi hiyo. Ni kama fundi anayesifu ufunguo wake kumbe kufuli alilitengeneza mwenyewe.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na ndiyo maana wanaosema yote yalikuwa uongo nao wanakosea. Mwaka 2013 kundi la Sinclair lilirudi na hoja nzuri. Ile rangi ni molekuli bapa, yenye pete, isiyopenda maji. Baadhi ya asidi amino za asili, kama triptofani, zina umbo linalofanana nayo. Walipotumia vipande vya protini halisi za mwilini vyenye asidi amino za namna hiyo mahali panapofaa, SIRT1 iliamka bila rangi yoyote. Walipobadilisha asidi amino moja tu ya SIRT1 yenyewe, ile ya nambari 230, uamsho ulipotea ingawa kimeng'enya kiliendelea na kazi yake ya kawaida. Kwa hiyo resveratroli huiamsha SIRT1 kweli, lakini kwa baadhi tu ya protini inazozihudumia. Mimi naona huo ndio ukweli tunaoweza kuutegemea: uamsho upo, ni wa kuchagua, na unahitaji kipimo kikubwa.

Kipimo ndicho kinachotuleta kwenye glasi. Mvinyo mwekundu hutofautiana sana kwa aina ya zabibu, hali ya hewa na utengenezaji, lakini wastani ni karibu miligramu 2 za resveratroli kwa lita. Zile 100 maikromola za maabara ni sawa na miligramu 23 kwa lita. Linganisha. Mvinyo wenyewe, ukiwa chupani bado, haujachanganyika na tone la damu wala maji, una chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichotiwa kwenye kile kishimo. Hata kama mishipa yako yote ingejaa mvinyo mtupu badala ya damu, usingeifikia hesabu ya jaribio lile.

Na mvinyo hauingii kwenye damu mzima mzima. Mwaka 2004, Thomas Walle na wenzake huko Marekani waliwapa watu 6 wa kujitolea miligramu 25 za resveratroli iliyotiwa kaboni yenye mionzi hafifu, ili waifuatilie popote iendapo. Kiasi hicho ni sawa na kilichomo katika lita kama 12 na nusu za mvinyo, chupa 17 hivi. Angalau asilimia 70 ilifyonzwa, na kwa kuanzia hilo linatia moyo. Ila walipopima damu, resveratroli yenyewe ilikuwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita, ambazo ni kama maikromola 0.02. Kishimo cha maabara kilikuwa na zaidi ya mara 4,000 ya hiyo.

Ilikwenda wapi? Kuta za utumbo na ini huitazama resveratroli kama taka ya kutolewa nje. Huibandika vikundi vya salfati na glukuronidi, mizigo inayoifanya iyeyuke vizuri kwenye maji na kutoka na mkojo, na kazi hiyo huanza hata kabla haijaifikia damu ya mwili mzima. Kuna wanaotumaini kwamba baadhi ya tishu huivua mizigo hiyo na kuirudisha ilivyokuwa. Utumbo pia, kwa kuwa ndio unaoipokea kwanza, hukutana na kiasi kikubwa kuliko viungo vingine. Lakini kwa moyo au misuli, njia ni nyembamba. Watu wengine wa kujitolea walipomeza gramu 5 kwa mkupuo, mara 200 ya kipimo cha Walle, kilele katika damu kilikuwa maikromola 2 na kitu.

Vipi basi kuhusu panya? Mwaka 2006 kundi la Sinclair liliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi pamoja na miligramu 22.4 za resveratroli kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Panya hao walinenepa kama wenzao, lakini hawakufa mapema kama wao. Magazeti ya dunia yakaandika kuhusu mvinyo. Mtu wa kilo 60, akifuata kipimo hicho moja kwa moja, atahitaji miligramu 1,344 kwa siku, yaani lita 672, karibu chupa 900. Wataalamu wa dawa watasema hesabu hiyo si ya haki, kwa sababu panya huziteketeza kemikali haraka kuliko sisi, na kipimo cha panya hugawanywa kwa takriban 12 kabla ya kupewa mtu. Haya, tugawanye. Zinabaki lita kama 55, chupa 73, kila siku. Pombe itamuua mtu mapema mno kabla resveratroli haijapata nafasi ya kumwokoa. Isitoshe, panya wenye uzito wa kawaida, waliokula chakula cha kawaida, hawakuongezewa umri na kemikali hiyo katika majaribio yaliyofuata.

Jaribio la uraiani lilifanyika mahali panapostahili, vijijini kwenye eneo la Chianti, Italia, ambako mvinyo mwekundu ni sehemu ya mlo. Watafiti walipima mabaki ya resveratroli katika mkojo wa wazee 783 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kisha wakawafuatilia kwa miaka 9. Kupima mkojo ni bora kuliko kuwauliza watu wanakunywa glasi ngapi, kwa sababu mkojo hauoni haya. Wazee 268 walifariki katika muda huo. Waliokuwa na resveratroli nyingi zaidi na waliokuwa na kidogo kabisa hawakutofautiana katika vifo, wala katika magonjwa ya moyo, wala saratani. Matokeo yalitoka mwaka 2014.

Siku hizi resveratroli huuzwa katika vidonge, na kichupa mara nyingi huwa na picha ya kishada cha zabibu. Geuza kichupa usome maandishi madogo ya nyuma. Vingi hutengenezwa kwa mizizi ya mmea wa Asia Mashariki uitwao Polygonum cuspidatum, ambao Ulaya hung'olewa kama gugu sugu, kwa kuwa mizizi hiyo ina resveratroli nyingi na ni rahisi kuliko maganda ya zabibu.