MIEZI YA KUUGUZA HAIMO KWENYE DAFTARI LA PENSHENI

Ndugu msomaji, pensheni ni nini? Ni fedha anazolipwa mtu kila mwezi baada ya kustaafu, mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa Tanzania, mfanyakazi wa kampuni, kiwanda au shamba kubwa la mtu binafsi huwekewa akiba yake katika NSSF. Kila mwezi mfuko hupokea asilimia 20 ya mshahara. Mfanyakazi hukatwa si zaidi ya asilimia 10, na mwajiri hulipa iliyobaki. Kwa mshahara wa shilingi 100,000, ni shilingi 20,000 zinazokwenda mfukoni kila mwezi.

Lakini fedha peke yake hazitoshi. Kuna hesabu nyingine, nayo ni ya miezi. Ili upate pensheni ya kila mwezi ukifika miaka 60, daftari lako lazima lionyeshe michango ya miezi 180. Hiyo ni miaka 15 kamili. Miezi hiyo si lazima ifuatane, unaweza kuacha kazi ukarudi. Lakini mwezi ambao hukuchangia hauhesabiwi, hata kama mwezi huo ulifanya kazi usiku na mchana nyumbani kwako.

Hapo ndipo akina mama wengi wanapokwama. Tuchukue mfano. Tumwite Mama Neema. Huyu si mtu fulani, ni mfano tu, lakini wewe msomaji huenda unamfahamu mwenzake kijijini kwako.

Mama Neema alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1959. Januari 2000 aliajiriwa katika kiwanda cha chai. Siku hiyo hiyo aliajiriwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, wa umri kama wake. Wote wawili wakaandikishwa NSSF. Walifanya kazi pamoja miaka 7, mpaka Desemba 2006. Hiyo ni miezi 84 kwa kila mmoja.

Kisha mama mkwe akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukapooza. Alihitaji kugeuzwa kitandani, kuogeshwa, kulishwa. Ukoo ukakaa kikao. Nani aache kazi? Jibu lilikuwa tayari kabla kikao hakijaanza. Mama Neema akaacha kazi, akamuuguza mama mkwe miaka 6, mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka 2012. Januari 2013 akarudi kiwandani, akafanya kazi miaka 7 mingine, mpaka Desemba 2019 alipotimiza miaka 60.

Sasa tupige hesabu. Miezi 84 ya kwanza, ongeza miezi 84 ya mwisho, jumla ni 168. Zinazotakiwa ni 180. Amepungukiwa na miezi 12 tu! Kwa sababu ya miezi hiyo 12 hapati pensheni ya kila mwezi. Hulipwa fedha za mkupuo mmoja, basi. Shemeji yake hakuacha kazi hata siku moja. Yeye ana miezi 240, na pensheni yake huingia kila mwezi. Na yule mgonjwa alikuwa mama yake yeye shemeji.

Hakuna aliyemwibia Mama Neema. Daftari limeandikwa sawasawa kabisa. Tatizo ni kwamba daftari hilo linajua kazi ya mshahara tu. Kwa miaka 6 hakuna shilingi ya mchango iliyoingia, wala ya kwake wala ya mwajiri.

Labda utauliza, je, likizo ya uzazi nayo inakata miezi? Hapana, hilo ni jambo jingine. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mshahara unaendelea, basi na mchango unaendelea. Shida huanza pale likizo inapokwisha na mtoto au mgonjwa bado anahitaji mtu.

Baadhi ya nchi zimeliona jambo hili zikatunga sheria. Tuangalie Uingereza. Huko mtu huhesabiwa miaka, siyo miezi. Kwa waliofika umri wa kustaafu tangu Aprili 2016, pensheni kamili ya serikali kwa kawaida inataka miaka 35, na mwenye chini ya miaka 10 hapati kitu. Tangu mwaka 1978 serikali yao ilianza kuwafikiria waliokaa nyumbani kulea. Mwaka 2010 utaratibu ukabadilishwa, na sasa mlezi anaandikiwa wiki zake katika daftari kana kwamba amechangia. Fedha hazimfikii mkononi. Anachopata ni hesabu.

Nani anaandikiwa? Mzazi anayepokea posho ya serikali ya mtoto aliye chini ya miaka 12. Pia mtu anayemuuguza mgonjwa au mlemavu kwa saa 20 au zaidi kwa wiki. Hata bibi anayemlea mjukuu wa chini ya miaka 12 ili binti yake aende kazini anaweza kupewa hesabu ambayo binti haihitaji, kwa sababu binti anachangia kazini kwake. Hilo la bibi mimi nimelipenda sana. Kama Mama Neema angeandikiwa hata mwaka mmoja kati ya ile miaka 6, angekuwa na miezi 180.

Hata hivyo, huko nako mambo yaliharibika. Zamani, kabla ya Mei 2000, mama aliyejaza fomu ya posho ya mtoto hakulazimika kuandika namba yake ya uanachama wa hifadhi. Wengi hawakuiandika. Kwa hiyo miaka yao ya kulea haikuingia katika daftari, na walipozeeka wakalipwa pensheni pungufu bila kujua. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwaandikia barua wanawake hao ili waje kudai. Miaka ya mtu ilipotea kwa sababu ya nafasi moja iliyoachwa wazi kwenye karatasi.

Kwetu Tanzania NSSF haina hesabu ya namna hiyo kwa mlezi. Kwa hiyo anayefikiria kuacha kazi ili auguze, aende kwanza ofisi ya NSSF na namba yake ya uanachama, aombe taarifa ya michango yake. Aisome mwezi kwa mwezi. Akikuta mwezi aliofanya kazi lakini hauna mchango, huenda mwajiri alimkata asipeleke. Hapo karatasi ya mshahara inayoonyesha makato ndiyo ushahidi, usiitupe wala usiwashie moto. Ni rahisi kudai ukiwa bado kazini kuliko kudai baada ya miaka 10, kiwanda kimeuzwa na karani amehama.

Kisha ajumlishe. Amebakiza miezi mingapi kufika 180? NSSF hupokea pia wanachama waliojiajiri, wakiwemo wakulima, wanaojichangia wenyewe. Auliziwe kiasi cha chini ni kiasi gani, na kama michango hiyo itaungana na ile ya zamani kwa namba ile ile. Na kama anataka kujaza fomu ya kutoa fedha zake, aulize kabla ya kutia saini: miezi yangu ya nyuma itabaki au itafutika?

Baada ya hapo arudi na hesabu hiyo kwenye kikao cha ukoo. Kama miezi iliyopungua ni 12, watoto wote wa mgonjwa wanaweza kuchangishana fedha za miezi hiyo 12.