Gulio Lisilokwisha

Saa tatu kasorobo asubuhi, kijana aliyebeba trei mbili za mayai anajikwaa mbele ya duka la Mama Zawadi. Mayai sitini yanamwagika kwenye vumbi la gulio. Mama Zawadi anasonya, anamwambia kijana aondoke mlangoni asije akamfukuzia wateja, kisha anarudi kwenye mizani yake. Jioni, muadhini anapoadhini magharibi, yeye anahesabu mauzo. Adhana inakwisha, anatazama mkononi, noti hazipo. Gunia la sukari alilolimaliza mchana limesimama pale pale, mdomo umeshonwa. Ni jioni ya jana, na kesho ni gulio.

Mama Zawadi ni mtu wa kubuni. Duka lake nimeliweka milimani, upande wa Lushoto, na hadithi yake nimekuwa nikiiandika na kuifuta kwa miezi kadhaa. Ni ya jamii ya hadithi za siku inayojirudia, ambazo wengi tulizijua kupitia filamu ya Groundhog Day ya mwaka 1993. Mle, mtangazaji wa hali ya hewa huamka kila asubuhi akaikuta tarehe 2 Februari, katika mji mdogo wa Punxsutawney huko Marekani. Ukiitazama kama mtazamaji unacheka. Ukijaribu kuandika yako, unagundua kwamba kazi ya kwanza ni kama ya mwenye duka anayefunga hesabu: lazima ujue kipi kinafutika na kipi kinabaki.

Katika filamu ile kila kitu kinafutika isipokuwa kumbukumbu ya mhusika. Mwandishi wa Denmaki, Solvej Balle, aliamua vingine. Katika mfululizo wake wa riwaya ulioanza kutoka mwaka 2020, Tara Selter, mwanamke anayefanya biashara ya vitabu vya kale, amenaswa tarehe 18 Novemba, na vyakula anavyovila havirudi. Anaziona rafu za madukani zikipungua kwa sababu yake. Fikiria sheria hiyo ikiingia kwenye duka la rejareja: kufika gulio la kumi, Mama Zawadi hana hata kiberiti cha kuuza. Mimi nilichagua sheria ya filamu, na sababu yangu ni daftari la madeni. Nilitaka aone deni likilipwa mchana, alifute kwa kalamu yake mwenyewe, na jioni alikute limeandikwa upya kwa mwandiko wake huo huo.

Jambo la pili ni saa ya kugeuka. Wenzetu wa Magharibi huigeuza siku usiku wa manane au mhusika anapoamka. Nilianza hivyo hivyo, hadithi ikawa inachechemea. Kisha nikakumbuka kwamba kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani siku huanza jua linapozama, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Jumatano. Siku ikigeuka magharibi, Mama Zawadi anapata usiku mzima kabla ya gulio. Ni usiku wa kufunga sukari robo robo na kupanga mbinu. Mtu anayejua kesho kila mteja atauliza nini hawezi kuupoteza usiku huo kwa kulala.

Na mbinu zake za mwanzo ni za pesa. Angekuwa nani asifanye hivyo? Sukari huinunua 2,600 kwa kilo na kuiuza 2,800, kwa hiyo gunia la kilo 50 humwachia 10,000. Lakini sasa anajua kwamba lori la sukari litakwama njiani, na kufika saa sita gulio zima halitakuwa na sukari. Anaficha gunia, anasubiri, anauza 3,500. Faida inapanda hadi 45,000. Adhana inalia, kisanduku kinarudi kwenye chenji yake ya 38,000. Anarudia mara tatu, kila mara kwa ustadi zaidi, na kila mara anabaki na 38,000.

Hapa ndipo waandishi wengi wachanga huanguka. Wanaandika siku ya pili kwa urefu wa siku ya kwanza, na ya tatu vivyo hivyo, msomaji anachoka kabla ya mhusika. Kiswahili kimetupa dawa ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni ile silabi moja, hu. Siku ya kwanza niliandika: kijana alijikwaa, mayai yakavunjika. Kufika siku ya tano nikaandika tu: saa tatu kasorobo kijana hujikwaa. Neno moja limebeba asubuhi tano, na msomaji anahisi uchovu wa Mama Zawadi bila kuuonja. Faida ya pili huja baadaye. Msomaji akishazoea hu, siku utakayorudi kuandika “akasimama” atashtuka, maana limetokea jambo ambalo halikuwa na desturi ya kutokea.

Basi, mayai. Mara chache za kwanza Mama Zawadi hayajali. Pesa zinapokosa maana anaanza kuyatazama, kwanza kwa kukosa cha kufanya. Saa tatu kasoro dakika kumi na sita anapiga kelele, “Angalia mbele!” Kijana anageuka kumtazama na kuanguka vibaya kuliko jana. Mara nyingine anamwahi barabarani kumpokea trei. Kijana anadhani ananyang’anywa, anazivuta, yanavunjika kifuani kwake. Majaribio haya mawili nayapenda, kwa sababu ujuzi wa Mama Zawadi ni wa kweli lakini haujakamilika. Anajua saa, hajui sababu. Mhusika akifaulu mara ya kwanza tu anapojua saa, hadithi imekufa.

Mara ya tisa anaacha mizani, anakaa kizingitini na kutazama miguu ya kijana. Anajikwaa kwenye jiwe. Ni jiwe ambalo Mama Zawadi mwenyewe huliweka kila asubuhi ili upepo usiufunge mlango.

Ningeweza kumaliza hapo: aliondoe jiwe, siku isonge. Nilijaribu, ikawa nyepesi mno. Kwa hiyo mara ya kumi analiondoa, kijana anapita salama, na upepo unaufunga mlango kwa kishindo hadi mizani inaanguka. Lakini kijana hakuwa anapita njia. “Shikamoo, mama,” anasema kutoka nje. “Bibi kasema mayai haya ni ya lile deni.” Mama Zawadi anafungua daftari. Bibi wa kijana anadaiwa 15,000, na wiki iliyopita Mama Zawadi alimnyima unga kwa sababu ya deni hilo. Siku zote zile mayai yalikuwa yakija dukani kwake, yakivunjikia kwenye jiwe lake.

Swali ambalo kila msomaji huuliza ni nani aliyeinasa siku, na ni nini kinachoifungua. Filamu ya mwaka 1993 haisemi kabisa, na naamini ilifanya vyema. Katika hatua za kuitayarisha iliwahi kuandikwa sababu, laana ya mpenzi aliyeachwa, kisha ikaondolewa. Mimi pia nilimwandika mganga, nikamfuta. Kilichobaki ni usiku mmoja wa kuamkia gulio. Badala ya kufunga sukari, Mama Zawadi anachukua tochi na kilo mbili za unga, anapanda hadi kwa bibi yule, na kumkuta anayapanga mayai kwenye trei, akiyapuliza vumbi moja moja. Anakaa, anasaidia. Hawazungumzii deni.

Kesho yake kijana akapita. Mlango ulishikwa kwa kamba. Magharibi muadhini akaadhini, akamaliza, na noti zikabaki mkononi. Mama Zawadi hakuamini, akazihesabu tena, hazikufika hata 9,000. Asubuhi akafungua duka akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda mrefu: uwanja mtupu wa siku ya baada ya gulio, majani ya migomba yamekauka chini, mbuzi wawili wanatafuna maganda. Mpaka saa sita aliuza kiberiti kimoja.